Umelipia mfumo wa mwaka mzima kwa mkupuo: gharama ni ya mwezi gani?

Siku hizi nyumba ya wageni ndogo, hata ya vyumba sita vya Jambiani au Kiwengwa, inatumia mfumo wa kompyuta kupokea nafasi za wageni. Maduka nayo yana mifumo ya mauzo, na ofisi ndogo za mjini zina programu za hesabu. Programu nyingi za aina hii hulipiwa kwa mwaka, kwa sababu anayelipa mwaka mzima hupunguziwa bei. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Mwenye biashara analipa milioni moja na zaidi kwa siku moja, mwisho wa mwezi anafungua hesabu na kukuta faida imetoweka, kisha anasema neno ambalo sisi tunaoandika vitabu vya watu tunalisikia kila mara: "Mfumo umekula faida ya mwezi."

Mfumo haukula kitu. Kilichotokea ni kwamba gharama ya miezi 12 imeandikwa kwenye mwezi mmoja. Kosa hilo linarekebishika kwa mistari miwili ya hesabu, lakini kwanza lazima tutenganishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku tunayaita kwa jina moja.

Jambo la kwanza ni malipo, yaani siku ambayo pesa imetoka benki au kwenye simu. Jambo la pili ni gharama, yaani thamani ya kitu ulichokwisha kukitumia ili biashara iendelee. Ukinunua mkate asubuhi na kuumaliza asubuhi ile ile, malipo na gharama vimekwenda pamoja na huna haja ya kufikiri. Ukilipia leo kitu utakachokitumia kidogo kidogo mpaka mwakani, malipo ni ya leo, ila gharama itakuwa inakuja mwezi baada ya mwezi. Sehemu uliyokwisha kuilipa lakini hujaitumia ndiyo wahasibu wanayoiita gharama iliyolipwa kabla.

Wafanyabiashara wa Unguja na Pemba wanalijua jambo hili vizuri, ingawa hawaliiti hivyo. Mtu akikodi mlango wa duka Darajani au Chake Chake, mwenye jengo mara nyingi anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mbele. Mpangaji aliyelipa mwaka na akakaa miezi mitatu hasemi kwamba kodi yake imekwisha. Anasema, "Bado nina miezi tisa mule ndani." Hiyo miezi tisa ni haki yake, ina thamani, na akiambiwa ahame kesho ataidai. Ada ya mwaka ya programu ni jambo lile lile.

Sasa tuchukue nyumba moja ya wageni, tuifuate kwa tarakimu. Nimezifanya tarakimu ziwe rahisi kugawika, lakini mwendo wake ni wa kawaida kabisa.

Mwenye nyumba ni mama mmoja mtu mzima, na anayeisimamia ni mtoto wa kaka yake. Wamekubaliana kwamba meneja, juu ya mshahara wake mdogo, atapata asilimia 10 ya faida ya kila mwezi. Tarehe 18 Septemba wamelipia mfumo wa kupokea wageni, dola 480 kwa kadi ya benki. Benki ilihesabu dola kwa shilingi 2,500, ikakata shilingi 1,200,000. Mkataba wa mfumo unaanza tarehe 1 Oktoba na kumalizika tarehe 30 Septemba ya mwaka unaofuata.

Mwezi ule wa Septemba wageni walilipa jumla ya shilingi 5,400,000. Mishahara, umeme, maji, chakula cha asubuhi na kufua mashuka vilichukua 4,100,000. Kabla ya kugusa mfumo, nyumba imepata faida ya 1,300,000, na fungu la meneja ni 130,000.

Aliyekuwa akiandika daftari aliweka ile 1,200,000 yote kwenye matumizi ya Septemba. Faida ikashuka hadi 100,000, na fungu la meneja likawa 10,000. Unaweza kuyasikia mazungumzo yao: "Shangazi, nyumba imejaa mwezi mzima, mimi nalala saa saba za usiku, napata elfu kumi?" Na shangazi naye hana la kumjibu, kwa sababu daftari analiona kwa macho yake na pesa kweli imetoka.

Kijana ana haki, na sababu yake ni nzito kuliko huruma. Katika Septemba ile mfumo haukutumika hata siku moja, kwani ulikuwa haujaanza. Kama angeondoka kazini mwisho wa mwezi, angekuwa amelipia, kwa kupunguziwa fungu lake, mwaka mzima wa mfumo ambao meneja mwingine ndiye angeutumia bure. Kila mahali ambapo faida ya mwezi inagawiwa kwa watu, iwe meneja, washirika wawili wa duka, au ndugu waliorithi nyumba, kuandika gharama kwenye mwezi usio wake kunahamisha pesa kutoka mfuko wa mtu mmoja kwenda kwa mwingine bila yeyote kukusudia.

Uandishi sahihi uko hivi. Siku ya malipo, pesa inapungua benki, lakini haiendi kwenye matumizi. Inaingia kwenye akaunti ya pembeni inayoitwa Gharama Zilizolipwa Kabla, ambayo inakaa upande wa mali:

```
18 Septemba
Debiti   Gharama Zilizolipwa Kabla   1,200,000
Krediti  Benki                       1,200,000
```

Kisha unagawa 1,200,000 kwa miezi 12 na kupata 100,000. Kuanzia mwisho wa Oktoba, kila mwezi unahamisha 100,000 kutoka kwenye akaunti ile ya pembeni na kuipeleka kwenye matumizi:

```
31 Oktoba
Debiti   Gharama za Programu         100,000
Krediti  Gharama Zilizolipwa Kabla   100,000
```

Kwa asiyezoea debiti na krediti, soma hivi: katika mistari hii, debiti ndipo thamani inapokwenda na krediti ndipo inapotoka. Mstari wa Septemba unasema thamani imetoka benki na kukaa kwenye haki ya kutumia mfumo. Mstari wa Oktoba unasema kipande cha haki ile kimekwisha kutumika, kwa hiyo sasa ni gharama. Ona kwamba benki haitajwi tena Oktoba. Pesa ilitoka mara moja tu.

Kwa uandishi huu Septemba inabaki na faida yake ya 1,300,000 na meneja anapata 130,000 yake. Oktoba, kama mapato ni 5,600,000 na matumizi mengine ni 4,200,000, faida ni 1,400,000 ukiondoa 100,000 ya mfumo, yaani 1,300,000. Mzigo umekwenda kwa waliotumia.

Watu wengi hukwama kwenye neno mali. Wanauliza: mali gani hii, nisiyoweza kuishika wala kuiuza? Mali katika hesabu si lazima iwe kitu cha kuuza. Ni chochote biashara inachokimiliki au kukidai ambacho bado kitailetea faida mbele. Mpaka tarehe 31 Desemba nyumba hii imetumia miezi mitatu, yaani 300,000. Imebaki haki ya miezi tisa, 900,000, na hiyo ndiyo itakayoonekana kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni, ya mwisho wa mwaka. Ila ni mali ya namna yake. Huwezi kuilipia mishahara wala kununulia samaki. Ukitaka kujua kama una uwezo wa kulipa watu Ijumaa, tazama benki na kasha, usitazame jumla ya mali.

Ndiyo maana kugawa gharama hakuondoi haja ya daftari la fedha. Daftari la fedha litaonyesha 1,200,000 imetoka tarehe 18 Septemba, nzima, bila kugawa. Mwenye nyumba akisema, "Mbona hesabu inasema faida milioni moja na laki tatu na benki sioni pesa hiyo?", jibu lake liko pale pale: sehemu kubwa ya pesa hiyo imegeuka kuwa mwaka wa mfumo. Kuna wanaoshuku kwamba kugawa ni njia ya kuficha matumizi ili mwezi upendeze. Ingekuwa hivyo kama gharama isingerudi. Hapa inarudi yote, laki moja laki moja, mpaka miezi 12 iishe, na akaunti ya pembeni inaonyesha wakati wowote kiasi ambacho bado hakijaingia.

Swali ambalo huku kwetu ndilo gumu zaidi ni la miezi ya masika. Nyumba nyingi za pwani hufunga Aprili na Mei, mvua zinaponyesha na wageni wakiwa wachache. Basi mwandishi wa hesabu anaruka miezi hiyo miwili, akisema mfumo haukutumika, na laki mbili zile ataziweka Juni. Hilo ni kosa. Ada hii haikununua idadi ya wageni watakaoandikwa. Imenunua muda. Tarehe 30 Aprili ikipita, mwezi ule wa haki umekwisha hata kama kompyuta haikuwashwa, na kampuni ya mfumo haitakuongezea siku mbele. Kwa hiyo Aprili inabeba 100,000 yake na Mei 100,000 yake, pamoja na mshahara wa mlinzi. Hasara ya mwezi iliyoonekana ni ya kweli: ni bei ya kuifunga nyumba, na mwenye nyumba anahitaji kuiona kama ilivyo anapoamua kama mwakani afunge au afungue kwa bei ya chini.

Mambo ni tofauti pale unaponunua idadi badala ya muda, kwa mfano bando la ujumbe 5,000 wa kutuma kwa wateja lisilo na mwisho wa tarehe. Hapo unagawa kwa ujumbe uliotumwa, na mwezi usiotuma kitu hauna gharama. Soma ankara uone ulichouziwa.

Tarehe ya kuanzia nayo isome kwenye ankara, usiifuate tarehe ya malipo. Mfumo wetu ulilipiwa 18 Septemba lakini umeanza 1 Oktoba, ndiyo maana Septemba haina kitu. Kama ungeanza katikati ya mwezi, ungeweza kuhesabu kwa siku: shilingi 1,200,000 kugawa kwa siku 365 ni kama 3,288 kwa siku, kisha ukazidisha kwa siku zilizotumika mwezi ule. Biashara ndogo nyingi hujiwekea kanuni nyepesi, kwamba kilichoanza kabla ya tarehe 15 kihesabiwe mwezi mzima na kilichoanza baadaye kianze mwezi unaofuata. Zote mbili zinafaa, mradi ukichagua moja usiibadilishe kila unapoona faida imekuudhi.

Kwa kuwa mifumo mingi inalipwa kwa dola, watu huuliza pia: dola ikipanda Januari, ile 900,000 iliyobaki niipandishe? Hapana. Dola 480 zilikwisha kutoka, na shilingi zilizokatwa ni 1,200,000. Hutalipa tena na hutarudishiwa dola; utapata huduma tu. Kiasi kinabaki kwa bei ya siku ile ya malipo mpaka kiishe. Ingekuwa ni deni la dola ambalo bado hujalilipa, hapo kupanda kwa dola kungekuhusu. Na kama benki ilikata ada ndogo ya kutumia kadi nje, hiyo iandike matumizi ya Septemba moja kwa moja.

Sasa niseme mambo yanavyoharibika, maana mistari miwili niliyoonyesha ni rahisi kuiandika na rahisi zaidi kuisahau.

Kosa la kwanza ni kuweka malipo kwenye akaunti ya pembeni na kutoyagusa tena. Linajificha kwa sababu faida inaonekana nzuri kila mwezi, na hakuna anayelalamikia faida. Mwisho wa mwaka mkaguzi anakuta 1,200,000 nzima imekaa kwenye mali wakati miezi mitatu imekwisha kutumika. Dawa yake ni jedwali dogo. Kila ada ya mwaka ipate mstari wake: jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumalizika, kiasi, kiasi cha kila mwezi, na kilichobaki. Ukitumia karatasi ya hesabu ya kompyuta, weka kiasi kizima kwenye B2, na vipande vya kila mwezi kuanzia C2 hadi N2, ukijaza kimoja kila mwezi unapokwisha. Kilichobaki kitakuja chenyewe:

```
=B2-SUM(C2:N2)
```

Kisha kila mwisho wa mwezi fanya ukaguzi wa dakika moja. Hesabu miezi iliyobaki kwa vidole, zidisha kwa 100,000, linganisha na salio la akaunti ya pembeni kwenye leja. Mwisho wa Februari imebaki miezi saba, Machi mpaka Septemba, kwa hiyo leja iseme 700,000. Ikisema 800,000, kuna mwezi umerukwa. Ikisema 600,000, kuna mwezi umeandikwa mara mbili.

Kosa la pili ni la wale wanaotumia programu ya hesabu iliyounganishwa na taarifa za benki. Malipo ya 18 Septemba yanaletwa na benki, na mtu asiyejua anayaweka kwenye Gharama za Programu, huku mwenzake ameshayaandika kwa mkono kwenye gharama zilizolipwa kabla. Sasa gharama imehesabiwa mara mbili. Utaligundua kwa njia mbili: salio la benki kwenye vitabu litakuwa pungufu kwa 1,200,000 kuliko karatasi ya benki yenyewe, na akaunti ya programu kwa mwaka itapita ada uliyolipa. Katika QuickBooks Online, akaunti hii ya pembeni hufunguliwa chini ya aina ya `Other Current Assets`, na ule mstari wa kila mwezi unaweza kuupanga ujiandike wenyewe. Upange, na uwekee tarehe ya mwisho, la sivyo utaendelea kukata laki moja hata baada ya haki kwisha, na salio litakuwa chini ya sifuri.

Si kila kitu kinastahili kazi hii. Ada ya mwaka ya jina la tovuti ya shilingi 40,000 ukiigawa kwa miezi 12 unapata shilingi 3,333 na senti zake, na hakuna uamuzi utakaobadilika kwa kiasi hicho. Jiwekee kiwango kinacholingana na biashara yako. Kwa nyumba kama hii ningesema chini ya 200,000 iandikwe matumizi siku ile ile, na iwe hivyo kwa kila ada, siyo kwa zile tu unazotaka zionekane au zisionekane.

Kuhusu kodi, kuna hofu mbili zinazopingana. Wengine wanaogopa kwamba wakigawa watapoteza haki ya kuondoa gharama. Wengine wanadhani wakiandika yote Septemba watalipa kodi ndogo. Kodi ya mapato, ambayo huku Zanzibar nako inasimamiwa na TRA, inahesabiwa kwa mwaka, na kwa kawaida ni Januari mpaka Desemba. Kugawa kati ya Oktoba na Desemba hakubadilishi chochote. Kinachobadilika ni mpaka wa 31 Desemba: 300,000 inakuwa gharama ya mwaka huu na 900,000 ya mwaka ujao. Haipotei, inasogea. Kampuni iliyosajiliwa inatakiwa ihesabu kwa utaratibu huu wa kufuata wakati gharama inapotokea, wakati mtu binafsi anaweza kuhesabu kwa fedha zinavyoingia na kutoka. Mfanyabiashara mdogo anayetozwa kwa makadirio ya mauzo yake hapati tofauti yoyote ya kodi, kwa sababu matumizi hayaingii kwenye hesabu ile. Yeye anagawa kwa ajili ya kujua biashara yake na kugawana kwa haki na wenzake.

Mkivunja mkataba wa mfumo kabla ya wakati, uliza kwanza kama kuna pesa inayorudi. Tuseme mwisho wa Machi imebaki 600,000 na kampuni inarudisha 250,000. Zile 250,000 zikifika benki zinatoka kwenye akaunti ya pembeni, na 350,000 iliyobaki inaandikwa gharama ya Machi yote kwa pamoja, kwa sababu hakuna tena muda wa kuigawia. Hiyo ni mara moja ambapo gharama kubwa inaangukia mwezi mmoja kihalali, na kwenye nyumba yenye meneja wa asilimia ni vizuri mkubaliane mapema kama uamuzi wa kuvunja mkataba, ambao pengine ni wa mwenye nyumba peke yake, utaingizwa kwenye hesabu ya fungu lake.

Msipovunja, mifumo mingi hujilipia yenyewe kwenye kadi ile ile mwaka unapokaribia kwisha. Malipo mapya yakikatwa tarehe 18 Septemba, tuseme kwa kiasi kile kile, leja itaonyesha 1,300,000: laki moja ya Septemba ambayo bado haijaandikwa, na 1,200,000 ya mwaka unaokuja. Usiyachanganye kwenye mstari mmoja wa jedwali. Malipo mapya yapewe mstari wake, kwa bei ya shilingi ya siku yalipokatwa, na ule wa zamani uachwe umalizike kwa sifuri tarehe 30.